Patroni alikulipa zaidi kwa kosa, sasa anadai: na wewe unaweza kudai nini?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa movema, katika mazungumuzo ya kila mwezi juu ya haki za kazi)

 

Leo sitazungumuza juu ya patroni mwenye halipi. Hiyo tunaijua wote. Nitazungumuza juu ya jambo la kinyume, lenye watu wanacheka wakilisikia, mpaka siku linawafikia wenyewe: patroni alikulipa zaidi. Alikosea hesabu, feza ikaingia, ukalipa nyumba, ukanunua unga, ukatuma franga kwa mama kijijini. Miezi inapita. Kisha siku moja unaitwa kwa ofisi, unapewa barua: "Tulikulipa zaidi. Rudisha yote. Usiporudisha, mwezi huu hautapata mushahara."

Mimi nilisoma sheria, na kama wengi wenu hapa, diplome iko ndani ya fardi, kazi bado. Kwa hiyo niko na wakati wa kusoma, na watu wa mitaa wananiletea karatasi zao niwasomee. Barua za namna hiyo nimeziona. Na nimeona kama watu wanaanguka katika makosa mawili. Wa kwanza anasema: "Kosa ni lao, sirudishi hata kumi." Wa pili anaogopa, anasaini kila kitu, anarudi nyumbani bila mushahara. Wote wawili wanapoteza. Kati yao iko njia, na hiyo njo nataka tuipitie polepole.

Tuanze na ukweli wenye haupendezi. Feza yenye ulipewa bila kuwa ni yako, sheria inasema inarudishwa. Hii haiko ndani ya sheria ya kazi, iko ndani ya sheria ya zamani ya kontra na madeni, ile dekre ya tarehe 30 julai 1888 yenye tunatumia mpaka leo katika Kongo. Wazo lake ni nyepesi: kila malipo yanataka kuwe deni. Kama hakukuwa deni, mwenye alilipa kwa kosa anaweza kuomba feza yake, hata kama kosa ni lake yeye. Kwa hiyo neno "kosa ni lao" halifuti deni. Tusidanganyane hapa.

Lakini sheria ileile inatofautisha watu wawili. Mwenye alipokea na moyo safi, hakujua kama kuna kosa, huyo anarudisha kile alipokea, basi. Mwenye alijua, akanyamaza, akaendelea kula, huyo anaweza kuombwa na faida juu yake. Njo maana ninawaambia: siku unaona mushahara umepanda bila sababu, uliza. Andika ujumbe mufupi kwa mwenye kulipa: "Nimeona mwezi huu nimepata zaidi, naomba munieleze." Uchunge ile ujumbe. Akikujibu "iko sawa", ile jibu ni kinga yako. Asipojibu, ujumbe wako peke yake ni kinga.

Sasa tuchukue mufano, tuuhesabu mpaka mwisho. Ni mufano wenye nimetunga, lakini umejengwa na vipande vya kweli.

Dada mumoja anachunga depo ya biashara fulani. Mushahara wake wenye anapokea mukononi ni dolari 340 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza, mukubwa wake wa depo alienda konje ya uzazi, na dada akapewa kazi ya kumusimamia. Juu ya ile kazi, walimuongezea primu ya dolari 80 kwa mwezi, kabla ya kukatwa. Mukubwa akarudi. Lakini mwenye kuandika malipo alisahau kuitoa ile primu. Ikaendelea kuingia mpaka mwisho wa mwezi wa nane. Mwezi wa tisa, barua: "Ulipewa primu ya miezi 6 bila haki, kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa nane. 80 mara 6 ni dolari 480. Tutashika mushahara wako wote wa mwezi wa tisa, dolari 340, na 140 zenye zinabaki tutazikata mwezi wa kumi."

Dada anaweza kudai nini? Mimi naona mambo mane, na yanafuatana.

La kwanza: hesabu kwa maandishi. Mwenye anadai njo mwenye anapaswa kuonyesha deni. Hiyo si heshima tu, ni kanuni ya sheria yetu ya madeni: mutu mwenye anaomba kitu kutoka kwa mwenzake, ni yeye anahakikisha. Kwa hiyo barua yenye inasema tu "rudisha 480" haitoshi. Dada aombe orodha ya mwezi kwa mwezi: alipaswa kupata ngapi, alipata ngapi, tofauti ni ngapi, na juu ya sababu gani. Aombe tena fishi za mushahara za ile miezi. Sheria ya kazi inamulazimisha patroni kumupa mufanyakazi hesabu ya maandishi kila mara anapomulipa. Wengi wenu mutaniambia: "Kwetu hakuna fishi, tunalipwa kwa telefone." Sawa. Basi ujumbe wa M-Pesa, wa Airtel Money, wa Orange Money, ao karatasi ya banki, zote zinaonyesha siku na feza. Usifute ujumbe ya telefone yako. Piga picha, ujitumie kwa fasi ingine, juu telefone inaibwa.

Kwa nini niko natia nguvu hapa? Juu mwenye alikosea mara ya kwanza anaweza kukosea tena wakati wa kuhesabu kosa lake. Dada yetu alipofungua karatasi zake, alipata rapore ya kurudishiana kazi, yenye yeye na mukubwa wa depo walisaini. Tarehe yake ni mwisho wa mwezi wa tatu. Maana yake, mwezi wa tatu wote ni yeye alikuwa anasimamia depo. Mukubwa alikuwa amerudi ofisini, ndiyo, lakini funguo na daftari za stoki zilikuwa bado kwa dada. Basi primu ya mwezi wa tatu haiko kosa. Aliifanyia kazi. Miezi ya kosa si 6, ni 5: wa ine, wa tano, wa sita, wa saba na wa nane.

Munaona? Mbele ya kuzungumuza "nitarudisha namna gani", uliza kwanza "ni kweli ilikuwa kosa?" Mara nyingine kitu chenye patroni anaita kosa ni nyongeza yenye mulisikilizana kwa mudomo, kisha mukubwa mupya akaja, akaikataa. Hiyo ni habari ingine kabisa. Kama kuna ujumbe, kuna mushahidi, kuna mazoea ya miezi mingi yenye kila mutu alijua, hapo unapingana na deni lenyewe, si na namna ya kulilipa tu.

La pili: urudishe kile uliingiza mukononi, usirudishe kile hukuona. Hapa njo watu wengi wanaibiwa bila kujua, na hata patroni mwenyewe pengine hajui kama anaiba.

Ile primu ya dolari 80 ni feza kabla ya kukatwa. Mbele ifike kwa dada, kuna vitu viwili vilitoka. Cha kwanza ni mchango wa CNSS, wa pensheni: kwa upande wa mufanyakazi ni 5 kwa mia. Tano kwa mia ya 80 ni dolari 4. Zinabaki 76. Cha pili ni kodi ya mushahara. Iko na ngazi: chini kabisa ni 3 kwa mia, ngazi yenye inafuata ni 15 kwa mia, kisha inapanda tena. Mushahara wa dada uko katika ngazi ya 15, na primu inaongezeka juu, kwa hiyo yote inakatwa 15. Kumi na tano kwa mia ya 76 ni dolari 11 na senti 40. Toa hiyo: zinabaki dolari 64 na senti 60. (Kama dada ana watoto wenye wameandikwa, kodi inashuka kidogo, tuache hiyo ili hesabu isituchoshe.)

Kwa hiyo kila mwezi, dada aliona dolari 64.60, hakuona 80. Zile 15.40 zingine zilienda kwa Leta na kwa CNSS. Kama anarudisha 80, anatoa ndani ya mufuko wake feza yenye haikuingia ndani ya ule mufuko. Yeye hana namna ya kwenda kuidai kule. Patroni njo alituma maandiko ya malipo kwa Leta na kwa CNSS. Ni yeye anaweza kuomba wasahihishe, ao wapunguze kwa malipo yenye yanafuata. Kama ni kazi kubwa kwake, pole, lakini ni kosa la ofisi yake.

Sasa tuhesabu tena. Miezi 5 mara 64.60 ni dolari 323. Barua ilidai 480. Tofauti ni dolari 157. Karibu nusu ya mushahara wa mwezi mumoja, na hatujagombana na mutu, hatujapandisha sauti. Tumefungua karatasi tu.

Jambo moja dogo hapa kwa wenye wanalipwa franga. Kama ulipokea franga, hesabu ifanywe kwa franga zenye ulipokea. Usikubali wageuze deni kuwa dolari, kisha wakudai franga kwa bei ya leo. Ulipokea franga elfu mia moja, unarudisha franga elfu mia moja. Kupanda na kushuka kwa dolari hakuingie ndani ya kosa la muhasibu.

La tatu: mwendo wa kulipa. Hapa njo kuna uchungu mukubwa, juu hata kama deni ni la kweli, mutu hawezi kuishi mwezi mzima bila mushahara.

Sheria ya kazi ya Kongo, ile nambari 015/2002 ya tarehe 16 oktoba 2002, inalinda mushahara kwa namna mbili. Kwanza, patroni hakati kama anavyotaka. Makato yanaruhusiwa katika mambo yenye sheria imetaja: kodi, mchango wa CNSS, avansi zenye ulichukua, na mengine machache. Wazo hilo linatoka mbali: liko ndani ya mapatano nambari 95 ya mwaka 1949 ya Shirika la Kazi la Kimataifa, yenye yanasema makato ya mushahara yafanyike tu kwa namna na kwa kipimo chenye sheria ya inchi, mapatano ya pamoja ao uamuzi wa wenye kusuluhisha umeweka.

Munisikilize vizuri juu ya neno "avansi". Patroni wengi wanapenda kuita kosa lao avansi, juu avansi inakatwa bila maneno mengi. Lakini avansi ni feza yenye uliomba, ukajua, ukakubali kuirudisha. Kosa la hesabu hukuliomba. Kwa hiyo kama wanakuletea karatasi ya kusaini yenye imeandikwa "nakubali nilipata avansi ya dolari 480", usisaini. Ukishasaini, umebadilisha kosa lao kuwa deni lako, na umekubali hesabu mbaya pamoja nalo. Wakikulazimisha, andika juu ya siniatire yako, na mukono wako: "Nimepokea barua hii, sikubali hesabu." Kupokea barua haiko kukubali barua.

Pili, sheria inaweka mupaka wa sehemu ya mushahara yenye inaweza kushikwa juu ya madeni. Mupaka ni moja ya tano, kwa ile sehemu ya mushahara yenye haipite mara tano ya mushahara wa chini wa kundi lako. Kwa kile kinapita hapo, ni moja ya tatu. Deni la chakula cha watoto ao bibi liko na mupaka wake, mbili ya tano, lakini hiyo si habari ya leo. Tuseme mushahara wa dada haufike hiyo mara tano. Basi ni moja ya tano tu. Moja ya tano ya 340 ni dolari 68. Hiyo njo ngazi ya juu kwa mwezi. Si 340. Si nusu.

Kutakuwa avoka wa patroni mwenye atasema: "Ule mupaka ni wa kushikisha mushahara kwa njia ya tribinali, hauhusu mimi na mufanyakazi wangu." Mumujibu kwa utulivu: kama juji mwenyewe hawezi kuruhusu kukata zaidi ya hapo, patroni anaweza namna gani kwa uamuzi wake peke yake, bila juji? Mupaka uliwekwa ili mutu aendelee kula. Tumbo haliulize nani alikata.

Sasa 68 ni ngazi ya juu, haiko bei ya lazima. Dada anaweza kuomba chini ya hapo. Mimi ninapenda kanuni moja yenye kila mutu anaielewa, hata patroni: kosa lilidumu miezi ngapi, kurudisha kudumu angalau miezi ileile. Kosa lilidumu miezi 5, dolari 64.60 kila mwezi; dada anarudisha dolari 64.60 kwa mwezi, miezi 5. Mushahara wake unabaki 275.40. Kama ana kodi ya nyumba na watoto kwa masomo, aombe miezi 10: dolari 32.30 kwa mwezi. Aeleze kwa nini, kwa sentensi mbili tatu: nyumba ni ngapi, masomo ni ngapi. Patroni mwenye akili atakubali, juu mufanyakazi mwenye anakula anakuja kazini, na mwenye hali anatafuta kazi ingine.

Ule mupango uandikwe. Ndani yake kuwe deni lote, kipande cha kila mwezi, mwezi wa mwisho, na maneno kama kila kato litaonekana ndani ya fishi ya mushahara na jina lake la kweli: "kurudisha malipo ya kosa". Kuwe tena maneno juu ya kontra kuisha mbele ya deni kuisha, juu hapo njo patroni anapata nafasi ya kushika hesabu yote ya mwisho. Muandike kama ata siku ile, kile kinabaki kitahesabiwa mbele ya mufanyakazi, mustari kwa mustari.

La ine: mahali pa kwenda wakikataa.

Tuseme patroni anasoma barua ya dada, anacheka, na mwisho wa mwezi wa tisa hakuna mushahara. Dada asiache kazi kwa hasira. Asilete vijana kwa mulango. Aende kwa inspekta wa kazi wa eneo lake. Katika sheria yetu, mabishano ya mutu mumoja na patroni wake hayapokelewi mbele ya tribinali ya kazi kama hayajapita kwanza kwa inspekta ili ajaribu kuwapatanisha. Hiyo iko ndani ya kifungu cha 298 cha sheria ya kazi. Watu wengi wanakimbilia tribinali, wanalipa avoka, kisha wanaambiwa: "Rudini, mulikuwa mupite kwa inspekta." Mumoja wa wale wawili, patroni ao mufanyakazi, anaandika, inspekta anawaita wote, wakisikilizana anaandika prose-verbale ya mapatano, wasiposikilizana anaandika ile ya kukosa mapatano. Na ile ya pili njo ufunguo wa kuingia tribinali.

Angalieni kitu kimoja: huo mulango unafungwa kwa patroni vilevile. Kama anasema dada anakataa kulipa, na yeye apite mbele ya inspekta. Kwa nini akate peke yake, awe mudai, juji na mwenye kukamata vyote kwa mara moja?

Inspekta anataka karatasi, hataki hadisi ndefu. Dada aende na kontra yake kama iko. Kama hakuna kontra ya maandishi, asiogope: sheria inamuruhusu mufanyakazi kuhakikisha kazi yake kwa kila namna, ujumbe, mashahidi, karata ya kazi. Aende na barua ya patroni, jibu lake, malipo ya miezi yote, na ile rapore ya mwisho wa mwezi wa tatu. Na kama kuna delege wa sendika kazini, amuone mbele ya kwenda. Mara nyingi delege anamaliza jambo kwa saa moja.

Muchunge wakati. Mambo yenye yanatoka ndani ya kontra ya kazi yanazeeka baada ya miaka 3, lakini kudai mushahara wenye haukulipwa kunazeeka haraka, mwaka 1. Kwa hiyo dada mwenye mushahara wake ulishikwa mwezi wa tisa, akisema "nitaona mwaka kesho", mwaka kesho ataambiwa amechelewa. Na kwa upande mwingine, patroni akikuletea hesabu ya kosa la miaka 6 iliyopita, umuulize kwanza juu ya ile miaka 3. Yeye atajaribu kusema anategemea sheria ya madeni yenye ina muda murefu. Ni ubishi wa mbele ya juji, lakini usimuachie bure.

Na vitisho? "Usiporudisha yote leo, ninakufukuza." Kontra yenye haina mwisho, patroni hawezi kuivunja bila sababu ya kweli, yenye inahusu uwezo wa mufanyakazi, mwenendo wake kazini, ao mahitaji ya kazi yenyewe. Ni kifungu cha 62. Kosa la mwenye kuandika malipo haliko mwenendo wa dada. Kuuliza hesabu haiko mwenendo mubaya. Lakini, na hapa ninawaomba muwe wakweli, kama dada aligeuza fishi, ama alisema uongo ili primu iendelee, hapo tumetoka katika kosa, tumeingia katika udanganyifu, na maneno yangu yote ya leo hayamuchunge.

Mupaka mwingine: haya yote ni ya watu wenye wanaongozwa na sheria ya kazi: biashara, maonji, shule za watu binafsi, hoteli, migodi. Wafanyakazi wa Leta wako na sheria yao ingine. Mwalimu mwenye analipwa na Leta, asiende kwa inspekta wa kazi na karatasi hii mukononi, atarudishwa.

Ninamaliza na barua. Wengi wananiambia: "Nimeelewa, lakini sijui kuandika." Hii hapa, muipige picha, mubadilishe namba:

"Mukubwa, nimepokea barua yenu juu ya malipo ya zaidi. Sikatai kurudisha feza yenye haiko yangu. Lakini rapore ya kurudishiana kazi inaonyesha nilisimamia depo mpaka mwisho wa mwezi wa tatu, kwa hiyo kosa ni la miezi 5. Kila mwezi nilipokea mukononi dolari 64.60, si 80. Kwa hesabu yangu deni ni dolari 323. Kama munaona ingine, naomba munipe hesabu ya mwezi kwa mwezi na fishi zake. Ninapendekeza kurudisha dolari 32.30 kila mwezi, miezi 10, kuanzia mwezi wa kumi. Mbele tusikilizane kwa maandishi, naomba musikate kitu ndani ya mushahara wangu. Kama hatusikilizani, naomba tuende pamoja mbele ya inspekta wa kazi. Asante."

Mutoe kopi mbili. Moja unaacha kwa sekretariati, ya pili wanaitia tampo na tarehe, unarudi nayo nyumbani. Wakikataa kutia tampo, tuma picha yake kwa telefone ya mukubwa, mbele ya mushahidi.

Ile barua haina tusi hata moja. Inakubali kile ni kweli, inakataa kile si kweli, inaonyesha namna ya kulipa, na inasema mahali pa kwenda. Patroni mwenye alitaka feza yake ataipata. Mwenye alitaka kutumia kosa lake ili kukutia hofu, atajua kama amepata mutu mwenye alisoma.

Sasa maulizo. Na kama kuna mwenye ana barua ya namna hii ndani ya mufuko leo, asione haya. Akuje hapa mbele kisha mukutano, tuihesabu pamoja.